Tarehe mbili, alama za kujumlisha na weusi wa aina tatu: kusoma maandishi ya picha ya altrasaundi

Mwanzoni mwa Septemba 2024 mama mkwe wangu alishuka kwenye Kosta pale Uyole akiwa na tenga la ndizi kutoka Tukuyu, vitenge viwili vipya na beseni, tayari kumpokea mjukuu ambaye alikuwa bado na zaidi ya miezi mitatu ya kukaa tumboni. Hakuna aliyemdanganya. Tulikuwa tumemtumia kwa simu picha ya altrasaundi ya mke wangu, shemeji akamsomea mstari wa tarehe ya matazamio ya kujifungua, ulioandikwa EDD 12/09/2024, na kila mtu kule nyumbani akaelewa kuwa ni tarehe 12 Septemba. Mimi mwenyewe niliusoma hivyo hivyo, nikashangaa kidogo, kisha nikanyamaza kwa kuwa karatasi ya hospitali huonekana kujua kuliko mtu.

Mashine ile ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa Kimarekani, ambao hutanguliza mwezi na kufuatisha siku, kwa hiyo 12/09/2024 ilikuwa tarehe 9 Desemba. Dalili ilikuwa juu kabisa ya picha hiyo hiyo, kwani tarehe ya kipimo iliandikwa 07/29/2024, na hakuna mwezi wa 29. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniletea picha, kabla ya kitu kingine chochote natazama tarehe ya kipimo ambayo mwenye picha anaikumbuka, nijue mashine inaandikaje tarehe zake, ndipo naendelea. Hapo juu pia hukaa jina na namba ya mgonjwa. Jina likiwa la mtu mwingine, picha irudishwe dirishani siku hiyo hiyo.

Ninayoyaandika hapa ni ya kusoma maandishi na mpangilio wa picha tu. Kusema kama kilichoonekana ni kizuri au kibaya ni kazi ya aliyepima na ya daktari, na baadaye nitaonyesha kwa nini karatasi yenyewe haiwezi kumpa mtu wa nyumbani jibu hilo.

Baada ya tarehe ya kipimo, kilichotusumbua zaidi ni kwamba karatasi yetu ilikuwa na umri wa mimba mara mbili na tarehe za matazamio mbili. Nainakili kama ilivyokuwa:

```
LMP 03/04/2024
GA(LMP) 21w0d   EDD(LMP) 12/09/2024
AUA     20w2d   EDD(AUA) 12/14/2024
BPD  4.74cm  20w2d
HC  17.70cm  20w1d
AC  15.40cm  20w4d
FL   3.22cm  20w0d
EFW  346g   Hadlock
```

LMP ni siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ambayo mke wangu aliitaja mwenyewe kuwa 4 Machi. Mashine haikuipima, iliandikiwa. Kutoka siku hiyo hadi 29 Julai ni siku 147, yaani wiki 21 kamili, na ndiyo maana mstari wa GA(LMP) unasema 21w0d, ambapo herufi w ni wiki na d ni siku. Ukihesabu siku 280 kutoka 4 Machi unafika 9 Desemba. Kwa hesabu hii umri wa mimba huanza kabla mimba yenyewe haijatungwa, kwa kawaida kama wiki mbili, na wanandoa wanaogombana kuhusu tarehe ya safari au ya kurudi kazini wangefaa kulijua hilo kwanza.

AUA ni wastani wa umri uliotokana na vipimo vya siku ile. Mashine ilichukua vipimo vinne, kila kimoja ikakitafutia umri wake kwenye jedwali, kisha ikavigawanya. BPD ni upana wa kichwa kutoka upande wa sikio moja hadi upande wa pili, HC ni mzingo wa kichwa, AC ni mzingo wa tumbo la mtoto, na FL ni urefu wa fupa la paja. Vyote vinne vilisema wiki 20, ila siku zilizozidi zilikuwa mbili, moja, nne na sifuri. Jumla ni siku saba, ukigawanya kwa nne unapata siku moja na robo tatu, na mashine ikaandika 20w2d. Kutoka hapo ikahesabu mbele hadi wiki 40, ikafika 14 Desemba.

Kwa hiyo karatasi haikujipinga. Ilitoa majibu ya maswali mawili, moja kuhusu kalenda ya mama na jingine kuhusu ukubwa wa mtoto ukilinganishwa na jedwali, na tofauti yake ilikuwa siku tano. Katika umri huo wa mimba kila kipimo kikiwa peke yake kinaweza kukosea kwa wiki moja na nusu hivi kwenda mbele au kurudi nyuma, na mashine nyingine huandika kabisa alama ya ± pembeni yake. Muuguzi wa kliniki alitazama tarehe zote mbili, akaacha 9 Desemba kwenye kadi, akatuambia kwamba tofauti ya siku tano haibadilishi kitu. Uamuzi wa tarehe ipi ishikwe uwe wake, kwa sababu yeye anajua kama hedhi ilikuwa ya mpangilio na kama kuna kipimo cha awali zaidi, ambacho kwa kawaida huaminiwa kuliko cha baadaye.

Neno Hadlock liliwahi kumnyima usingizi jirani yetu mmoja, aliyedhani ni jina la ugonjwa. Ni jina la daktari wa radiolojia wa Marekani ambaye majedwali na fomula zake za miaka ya 1980 zimo ndani ya mashine nyingi. EFW nayo ni uzito wa kukadiria. Mtoto hakuwekwa kwenye mzani, bali vipimo vile vya kichwa, tumbo na paja viliingizwa kwenye fomula ikatoa gramu 346, na makadirio ya namna hii huweza kupishana na uzito halisi kwa asilimia 15 hivi. Kwa gramu 346 hiyo ni kama gramu 50 juu au chini.

Sasa niingie kwenye picha yenyewe, na nitachukua ile ya paja kwa kuwa ndiyo rahisi. Ina umbo la upepeo. Upinde mdogo wa juu ni mahali kifaa kilipogusa ngozi ya tumbo la mama, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyoingia ndani zaidi. Juu ya picha si upande wa kichwa cha mama, na kwa sababu hiyo maneno kama "mtoto amelala chali" au "ametazama kulia" hayasomwi kwa macho tu. Pembeni kuna vinukta vinavyoshuka kama rula, kwa kawaida kimoja kwa kila sentimita. Rula hiyo inatokana na muda. Mashine hutuma mlio usiosikika, husubiri mwangwi, na huchukulia kwamba sauti husafiri mwilini mita 1,540 kwa sekunde, hivyo mwangwi wa kitu kilicho sentimita moja ndani hurudi baada ya takriban sehemu 13 za milioni za sekunde. Kilichochelewa kurudi huchorwa chini zaidi.

Katikati ya upepeo wetu kuna kijiti cheupe kilicholala, na kila ncha ina alama ndogo ya kujumlisha, zimeunganishwa kwa nukta nukta. Alama hizo ziliwekwa na mkono wa mpimaji. Yeye ndiye aliyeamua fupa linaanzia wapi na linaishia wapi, na akisogeza alama moja kwa milimita moja umri unasogea kama siku mbili na nusu. Kwa kichwa na tumbo nukta hizo huzunguka na kufanya duara la yai. Ukiona namba kwenye karatasi, tafuta kwanza alama zake kwenye picha, maana namba isiyo na alama zake ni ya picha nyingine ambayo huenda hukupewa.

Shangazi wa mke wangu aliponyoosha kidole kwenye picha hii, hakuuliza juu ya kijiti cheupe. Aliuliza juu ya ukanda mweusi ulio chini yake, kama kuna tundu. Ule ni kivuli. Fupa hurudisha sehemu kubwa ya sauti na kumeza iliyobaki, kwa hiyo nyuma yake mashine haipati mwangwi na haina cha kuchora. Weusi wa aina ya pili ni wa majimaji, ambayo hupitisha sauti bila kuirudisha. Huu una mipaka yake pande zote, na nyuma yake picha huwa angavu zaidi, kinyume cha kivuli kinachoanza chini ya weupe na kushuka moja kwa moja hadi ukingoni. Weusi wa tatu, ulio nje ya upepeo, ni eneo tupu la skrini. Kijivu cha katikati ni nyama na viungo laini, kikiwa na chembechembe kama unga wa ulezi.

Na hapa ndipo karatasi inapofikia mwisho wake. Herufi GN au Gain zilizoko pembeni ni kiwango cha kukuza mwangwi, na mpimaji akikipandisha picha yote hung'aa, akikishusha hutiwa giza, mtoto akiwa yule yule. MI na TI ni namba za nguvu ya sauti iliyotumwa na mashine, hazimsemi mtoto. Zaidi ya hayo picha ni kipande kimoja chembamba. Kata parachichi la Rungwe pembeni kidogo ya kokwa, utapata kipande kisicho na kokwa, na hakuna atakayesema tunda halikuwa nalo. Mpimaji alipitisha kifaa kwa dakika nyingi akatazama vipande mamia, akachapisha vitatu. Kisichoonekana kwenye hivyo vitatu kiulizwe kwake, na jibu lake limo kwenye ripoti ya maandishi, ambayo ndiyo ya kupeleka kliniki pamoja na picha.

Karatasi yenyewe huchapwa kwa joto, si kwa wino. Rafiki yangu wa Mwanjelwa alipeleka yake stesheneri ifanyiwe laminesheni ili idumu, ikatoka nyeusi kama sahani ya mkaa, na hakuwa ameipiga picha kwa simu. Yetu imekaa ndani ya kadi, mbali na jiko, na juu ya 12/09/2024 nimeandika kwa kalamu "9 Desemba".