Kiambishi cha yambwa Kiswahili na Luganda: ni upatanisho au kiwakilishi?

Swali: Mwalimu, nasoma isimu hapa Kampala. Kwenye Kiswahili tunasema "nimemwona Juma", mw- na Juma wote wapo, lakini kwa Luganda nikiweka vyote wazee wananikatalia. Na Luganda inaitwa lugha linganifu, je ndiyo sababu?

Jibu: Hapana, hayo ni mambo mawili, yatenganishe kabisa. Ulinganifu unauliza yambwa gani, yaani mtu au kitu kinachotendwa au kupokea, inaweza kubeba kiambishi kitenzi kikiwa na mbili. Chukua kitenzi cha kupa. Kiswahili unasema "nilimpa Juma kitabu" lakini "nilikipa Juma" hakuna anayekubali, mpokeaji peke yake ndiye ana haki hiyo, na ukigeuza kuwa tendwa ni vilevile, "Juma alipewa kitabu" sawa, "kitabu kilipewa Juma" hapana. Luganda "namuwa ekitabo" iko sawa, "nakiwa Juma" nayo iko sawa, na hata "nakimuwa", viwili kwa mpigo, kitu Kiswahili hakiruhusu kabisa. Kwa hiyo Luganda ni linganifu, Kiswahili sio.

Sasa swali lako lenyewe: kiambishi kinapatana tu na yambwa iliyopo, yaani ni upatanisho, au kinashika nafasi yake, yaani ni kiwakilishi? Kipimo ninachokipenda zaidi ni neno "nani", kwa sababu neno la kuuliza haliwezi kukaa pembeni kama kitu tulichokwisha kitaja, lazima liwe yambwa halisi ndani ya sentensi. Kiswahili: "ulimwona nani?" safi kabisa, kwa hiyo hapo m- ni upatanisho, haichukui nafasi ya yambwa. Luganda: "walaba ani?" sawa, lakini "wamulaba ani?" inakataliwa, maana mu- ni kiwakilishi, yenyewe ndiyo yambwa na nafasi imeshajaa.

Lakini mbona utasikia watu wanasema "nakisoma ekitabo"? Hapa ndipo wengi wanadanganyika wakiangalia maandishi tu, kwani ekitabo hapo iko nje ya kikundi cha kitenzi, imeongezwa mwishoni kufafanua. Utajuaje? Weka kukanusha. Luganda yambwa iliyo ndani baada ya kukanusha hupoteza irabu ya mwanzo: "saasoma kitabo", yaani sikusoma kitabu, sio "ekitabo". Ongeza ki- uone, "saakisoma kitabo" inakataliwa, inabidi useme "saakisoma, ekitabo", irabu inarudi kwa sababu nomino imeshatoka nje, kukanusha hakuifikii tena. Mimi kipimo hiki nakiamini kuliko kusikiliza pumziko, maana wengine wanaongea haraka na pumziko hulisikii.

Na Kiswahili usikiweke chote kapu moja. Badilisha mtu kwa kitu: "ulisoma nini?" sawa, ila "ulikisoma nini?" inagoma, kumbe upatanisho ule ni wa watu na wanyama hasa, na kwa vitu "nimekisoma kitabu" inadai kitabu ambacho wewe na mimi tunakijua tayari. Kwa hiyo ukienda kukusanya data, kila kipimo kifanye mara mbili, mara moja na mtu, mara nyingine na kitu.