Salamu ya kwanza kwa mteja wa ng'ambo usiyemjua dini yake

"Asalaam aleikum mwalimu. Baba ana karakana ya milango na makasha ya nakshi hapa Langoni, mimi ndo nashika simu. Juzi katuandikia mteja mpya kutoka Kanada, jina Mariamu, Kiswahili chake kizuri tu: 'Habari, nimeona picha za milango yenu, naomba bei.' Ramadhani yaingia wiki ijayo. Baba ataka tuanze na salaam kamili na Ramadhani Karim, asema kuiacha ni kama kuficha dini. Ndugu yangu asema andika Jambo tu, kama kwa watalii. Dini ya huyu mama hatuijui. Tuandike vipi?"
Msomaji, Lamu

Waaleikum salaam warahmatullah, kijana wangu. Mwandikieni "Habari za huko, Bi Mariamu", na hio Ramadhani itajeni, lakini itajeni kama ni yenu nyinyi, msimpe yeye. Hapo ndipo baba na ndugu yako wote wawili wataridhika, ila kuna mambo madogo madogo ya lugha ndani yake ambayo ukiyakosea yale maneno mazuri yote yanageuka.

Kwanza hilo jina. Mariamu, Yusufu, Sara, Daudi, Ibrahimu, haya ni majina ya dini zaidi ya moja, huku huku pwani ukitoka Lamu ukateremka Malindi mpaka Rabai utawakuta kina Mariamu wa kanisani na kina Mariamu wa msikitini. Kongo ya mashariki utakutana na mtu anaitwa Ramazani na ni Mkristo safi, jina la ukoo tu hilo. Misri na Lebanoni wapo Wakristo ambao lugha yao ya nyumbani ni Kiarabu. Kwa hivyo jina haliwaambii kitu, namba ya simu ya nchi gani haiwaambii, na Kiswahili kizuri ndo hakiwaambii kabisa. Halafu hata tukisema ni Muislamu, bado hujui kama anafunga. Mgonjwa hafungi, msafiri ana ruhusa yake, mwanamke ana siku zake, mwenye mimba au anayenyonyesha naye ana hali yake, na hakuna hata mmoja kati ya hawa anayetaka kumueleza fundi wa milango kwa nini mwaka huu hafungi. Sisi pwani tumezoea kuulizana "umefunga?" hata njiani pale Mkunguni, baina yetu haina tabu, lakini kwa mteja wa siku ya kwanza usiiandike hata ukiona meseji yake imejaa maneno ya Kiarabu.

Kitu kimoja ndio kinawaambia jambo, nacho ni alivyoanza yeye mwenyewe. Kaanza na "Habari". Mtu aliyeanza na habari hurudishiwa habari, ni adabu na pia ni salama, manake umetumia salamu aliyoichagua yeye. Angeanza na "Asalaam aleikum" ningewaambia mjibu yote kwa urefu wake, "Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh", na msikate mkaandika "W.W" au "slm", wengi wetu tunaona kuikata salaam ni kuidharau. Angeanza na "Bwana asifiwe" au "Tumsifu Yesu Kristo" hamlazimiki kuitikia maneno ya ibada isiyokuwa yenu, mngeandika "Ahsante sana Bi Mariamu, habari za huko", na yeye angeelewa bila kuhisi kakatwa.

"Jambo" ya ndugu yako siitaki. Hio tukiitamka peke yake, bila hu- wala ha-, tunamtamkia mgeni ambaye tumeshaamua hajui Kiswahili. Sasa huyu mama kawaandikia sentensi nzima, kasema "naomba bei" kwa adabu, halafu mnamrudishia neno la vijana wa ufukweni Shela? Ataona mmemuweka upande wa watalii, na hilo linaumiza zaidi kwa mtu aliye ughaibuni ambaye pengine Kiswahili ndio alichobaki nacho cha nyumbani. "Shikamoo" nayo muiache, umri wake hamuujui. Na muangalie vile mnavyomuita. "Mpendwa" kwenye barua za ofisi ni sawa ikifuatwa na jina, lakini "mpendwa" ikisimama peke yake Kenya hii inasikika kama ya mlokole anayemsalimia mwenzake wa kanisani. "Dada yetu" ya msikitini nayo ina mlango wake wa kuingilia. "Bi" pwani ni heshima tupu, haina dini wala haina umri. Na akiwaandikia mteja ambaye hata hamjui ni mwanamume au mwanamke, andikeni "Ndugu" na jina lake, jirani zetu Watanzania wanaitumia kwenye barua za serikali kwa wote wawili.

Haya, sasa Ramadhani, na hapa nitakaa kidogo. Kiswahili "sisi" yake ni moja tu. Ukisema "tunaingia Ramadhani" sikio halijui kama hio tu- ni mimi na wewe unayesikia, au ni mimi na watu wangu bila wewe. Ana kwa ana uso unamaliza kazi, kwenye wasapu hakuna uso. Kwa hivyo baba akiandika "tunapoukaribisha mwezi huu mtukufu" ameshamuingiza yule mama kwenye saumu bila kumuuliza. Akiandika "nakutakia Ramadhani Karim" ni ile ile, hapo dini kampa kwa -ku-. Lakini akiandika "sisi huku Lamu tutakuwa tunafunga", yale maneno mawili, "sisi huku", yanaiziba tu- isimguse yeye. Hajaambiwa kitu juu ya dini yake, kaambiwa juu ya yenu, na baba dini yake iko pale pale imeandikwa wazi, haijafichwa.

Tena hio ni habari anayoihitaji. Karakana mwezi wa Ramadhani hamfanyi kazi saa zile zile, mafundi hawashiki patasi jioni, na mteja asipoambiwa atadhani mmempuuza. Mwambieni kwa saa, sio kwa swala. Huku tukiambiana "tuonane baada ya laasiri" au "nipigie baada ya isha" kila mtu anajua ni wakati gani, lakini mtu wa Kanada, hata awe Muislamu, laasiri yake na yenu ziko mbali. Andikeni saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, saa za Kenya, mumalize. Na bahati nzuri usiku wenu baada ya futari ndio mchana wake, kwa hivyo mkimwambia meseji mtazijibu usiku yeye itamfaa kabisa.

"Inshallah" pia mtaniuliza. Neno hilo pwani tunalisema sote, na siwezi kumwambia baba alifute ulimini. Ila kwenye ahadi ya kazi liwekeni mbali na tarehe. "Mlango utakuwa tayari inshallah baada ya Idi" mtu asiyetuzoea anasikia hakuna ahadi hapo, na "baada ya Idi" hajui ni siku gani, manake hata sisi twangoja mwezi uandame. Tajeni wiki ngapi tangu malipo ya kwanza, sentensi imalizike hapo, halafu kama baba ataka aongeze yake, aongeze kwenye sentensi inayowahusu nyinyi. Mfano akiuliza "hamjambo?" mjibu "hatujambo alhamdulillahi", hapo hakuna mtu wa kulalamika, mnamshukuru Mungu kwa afya yenu wenyewe.

Basi mimi ningeandika hivi:

"Habari za huko, Bi Mariamu. Natumai u mzima. Ahsante kwa ujumbe wako kuhusu milango yetu. Mimi naandika kwa niaba ya karakana ya baba, hapa Lamu mjini. Bei inategemea kipimo, aina ya mbao na nakshi, kwa hivyo tunaomba upana na urefu wa nafasi ya mlango, na utuambie kama unataka mbawa moja au mbili. Kuhusu nakshi, tuambie mwenyewe unapendelea nini. Sisi huku tutakuwa tunafunga Ramadhani kuanzia wiki ijayo, karakana itakuwa wazi saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, saa za Kenya, na meseji tutazijibu usiku siku hiyo hiyo. Karibu sana."

Hio sentensi ya nakshi nimeiandika hivyo makusudi. Milango yenu mingine ina maandishi ya Kiarabu juu ya kizingiti, na kijana akishika simu rahisi sana atume picha ya huo kwanza kwa kuwa ndio mzuri zaidi. Tumeni picha mchanganyiko, maua, minyororo, na wenye maandishi, bila kumpendekezea, achague.

Akijibu, someni viambishi vyake kabla ya kusoma neno lolote la dini. Akiandika "Mungu atutakabalie funga zetu", hio -tu- na zetu kajiweka mwenyewe ndani, basi itikieni "Amin, nawe pia", na meseji inayofuata baba aanze na salaam yake kamili kama alivyotaka. Akiandika "Mungu awatakabalie" au "nawatakia funga njema", kawaombea dua akiwa amesimama nje, au hataki kusema yuko wapi. Hapo jibu ni "Ahsante sana, tumeshukuru", basi. "Nawe pia" hapo ndio kosa ninaloliona sana, mkono unaandika wenyewe kwa mazoea, kumbe umemrudishia saumu mtu ambaye alijitoa kwa adabu. Akiwa kimya kabisa, kajibu vipimo tu, upana na urefu na mbawa mbili, nanyi endeleeni na vipimo. Idi ikifika msimtumie ile picha ya mwezi na nyota mnayofowadi kwa kila namba iliyo kwenye simu, mtoeni kwenye orodha hio mpaka mjue. Yeye akisema atakuwa likizo au ana sikukuu, mtakieni "sikukuu njema", hilo halitaji sikukuu gani na linatosha kwa Idi, kwa Krismasi na kwa yote.

Na mwambie baba salaam yake ina mahali pengine hata kwenye hio barua ya kwanza. Aiweke chini, kabla ya jina la karakana: "Wasalaam". Neno hilo watoto wa shule wanafunzwa kufungia barua za kirafiki, Muislamu na Mkristo wanaliandika, na Bi Mariamu ataliona la kawaida akiwa wa dini yoyote ile.