Ukuta wa tanuri: nyuzi 54 kwenye karatasi, nyuzi 40 kwenye kipimo

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kukadiria joto linalopotea kwenye ukuta wa tanuri. Ndani ya ukuta kulikuwa na jotoridi la nyuzi 200 za selsiasi. Kihami joto kilikuwa na unene wa milimita 50, na hewa ya nje nyuzi 25. Hesabu yangu ikasema uso wa nje utakuwa na nyuzi 54. Tulipobandika kipimajoto cha waya juu ya uso huo na kusubiri utulie, kilisoma 40. Tofauti ya nyuzi 14 si ya kusingizia kipimajoto. Kosa lilikuwa kwangu, na tangu siku ile kuna jambo moja ambalo silipiti bila kulikagua: kizigeu cha mnururisho.

Uso wa nje hupoteza joto kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Hewa inayougusa hupata joto na kupanda juu, na huo ndio myuko. Pia uso hurusha miale kuelekea kuta na vitu vinavyouzunguka, na huo ni mnururisho. Myuko ni rahisi kuuchora kwenye mtandao wa ukinzani, yaani mchoro unaochukulia kila njia ya joto kama kikinzani cha umeme, kwa sababu joto lake huenda sawia na tofauti ya jotoridi. Mnururisho hauendi hivyo; wenyewe hufuata tofauti ya vipeo vya nne:

```
q = ε σ (Ts^4 - Tz^4)
```

`Ts` ni jotoridi la uso, `Tz` ni la vitu vinavyouzunguka, `ε` ni uwezo wa uso kutoa miale, na `σ` ni 5.67e-8. Ukinzani hauwezi kuchorwa kutokana na vipeo vya nne, lakini aljebra ya shuleni inatutoa hapo. Tofauti ya vipeo vya nne hugawanyika kuwa vizidishi, na kimoja kati ya hivyo ni `(Ts - Tz)` yenyewe. Vinavyobaki tunavikusanya na kuviita kizigeu cha mnururisho, `hr`:

```
hr = ε σ (Ts + Tz)(Ts^2 + Tz^2)
q  = hr (Ts - Tz)
```

Wengi hudhani hapa tumekadiria. Hatujakadiria chochote bado. Mlinganyo ni uleule, umeandikwa upya tu. Ukadiriaji huanza pale unapoweka `hr` kuwa namba isiyobadilika ilhali `Ts` hujaijua. Ukishaipata `hr`, ukinzani wa mnururisho ni `1/(hr A)`, nao unakaa sambamba na ule wa myuko, `1/(hc A)`, ambapo `A` ni eneo la uso na `hc` ni kizigeu cha myuko. Kwa kuwa viko sambamba, unajumlisha `hc` na `hr` moja kwa moja.

Sasa kosa langu. Niliingiza nyuzi za selsiasi ndani ya mabano. Kwa makisio ya uso wenye nyuzi 50, mabano yalikuwa 75 mara 3125, na `hr` ikatoka 0.012. Nikaona mnururisho ni mdogo mno, nikaupuuza. Tofauti ya jotoridi haijali kama ni selsiasi au kelvini, ndiyo maana sehemu nyingine zote za hesabu zilikuwa sahihi na sikushtuka. Mabano ya `hr` yana majumlisho na vipeo, si tofauti, kwa hiyo lazima yawe ya kelvini. Alama ya kukuamsha ni hii: uso wa kawaida uliopakwa rangi, katika jotoridi la chumba, hutoa `hr` ya karibu 5 hadi 6 W/m²K. Ukipata sehemu ndogo ya moja kwa uso wa rangi, rudi ukague kama umetumia kelvini kabla ya kuendelea.

Tuifanye upya kwa mita moja ya mraba. Kihami joto chenye upitishaji wa 0.05 W/mK kwa milimita 50 kina ukinzani wa 1.0. Hewa imetulia, nachukua `hc` kuwa 5. Uso umepakwa rangi, `ε` ni 0.9. Nakisia uso una nyuzi 50, yaani kelvini 323, na mazingira kelvini 298. `hr` inakuwa 6.12. Jumla ya vizigeu ni 11.12, ukinzani wa nje 0.090, na joto linalopita ni 175 gawa kwa 1.090, karibu wati 160.6. Uso unatoka nyuzi 39.4. Narudisha hiyo 39.4 kwenye mabano: `hr` inashuka hadi 5.81, na uso unakuwa 39.8. Nikirudia tena hakuna kinachosogea. Mizunguko miwili imetosha, ingawa kisio la kwanza lilikuwa mbali kwa nyuzi kumi.

Inatulia haraka kwa sababu karibu ukinzani wote uko kwenye kihami joto, kwa hiyo kosa la `hr` halina nguvu ya kuyumbisha joto lote. Kwa uso usio na kihami, tarajia mizunguko zaidi.

Kuna njia fupi ya `4 ε σ Tm^3`, ambapo `Tm` ni wastani wa jotoridi mbili. Kwa ukuta huu kosa lake halifiki hata asilimia 0.1, naitumia bila wasiwasi. Lakini kwa uso wa kelvini 800 unaotazama mazingira ya 300, inakupa pungufu kwa asilimia 17. Huko andika mabano kamili.

Baadaye mwenzangu alipendekeza ukuta ufunikwe kwa bati la alumini linalong'aa, `ε` ya 0.1, ili kupunguza upotevu. Upotevu ulipungua kweli, hadi wati 149. Uso, hata hivyo, ulipanda hadi nyuzi 51, maana njia moja ya kutoa joto ilikuwa imezibwa. Kama shabaha yako ni kumlinda mtu anayeugusa ukuta, bati hilo linakurudisha nyuma. Na usilipime kwa kipimajoto cha miale bila kurekebisha `ε` yake. Kitasoma chini mno.

Jambo la mwisho ni lile linalovuruga michoro mingi. Kujumlisha `hc` na `hr` kunafaa tu pale hewa na mazingira yana jotoridi moja. Tuseme ukuta wetu wa rangi unatazamana na ukuta mwingine mpana wenye nyuzi 70, hewa ikiwa bado 25. Ukinzani wa myuko unaishia kwenye nukta ya 25, wa mnururisho kwenye nukta ya 70, na havikutani tena mbele. Andika mizania ya uso:

```
(200 - Ts)/1.0 + hr(70 - Ts) = hc(Ts - 25)
```

Baada ya mizunguko miwili `hr` ni 7.99 na uso una nyuzi 63.2. Ukuta wa tanuri sasa unapokea wati 54 za miale kutoka kwa jirani yake, na hewa peke yake inabeba wati 191. Mtu aliyejumlisha vizigeu viwili na kuvielekeza vyote kwenye nyuzi 25 angeandika nyuzi 40 tena, na kipimajoto cha waya kingemkana kwa nyuzi 23.