Orodha ya simu ikijaa watu wa wilaya moja

Ukikabidhiwa majibu ya utafiti wa simu, usianze na majibu. Anza kwa kuhesabu wahojiwa wa kila wilaya, kisha linganisha na sensa. Mimi katika utafiti wangu wa kwanza nilifanya hivyo ripoti ikiwa tayari imeandikwa, na ikabidi tuiandike upya. Orodha yetu ilitokana na watu waliojiandikisha kwenye huduma fulani, na huduma yenyewe ilikuwa imeanzia wilaya moja.

Chukua mfano wa wahojiwa 1,000. Wilaya A ina asilimia 20 ya watu wazima, B ina 30 na C ina 50. Waliohojiwa ni 600 kutoka A, 250 kutoka B na 150 tu kutoka C. Waliojibu "ndiyo" ni asilimia 70 huko A, 50 huko B na 30 huko C. Ukijumlisha vichwa tu unapata watu 590, yaani asilimia 59. Hiyo kwa sehemu kubwa ni sauti ya A.

Uzito wa kila mhojiwa ni sehemu ya wilaya yake katika sensa, ugawanye kwa sehemu yake katika sampuli. Wa A anapata 0.20/0.60, yaani 0.33, wa B 1.2, wa C 3.33. Ukipiga hesabu upya, "ndiyo" inashuka hadi asilimia 44.

Marekebisho hayo yana gharama, na wageni wengi huisahau. Watu 150 wa C sasa wanabeba nusu ya matokeo, kwa hiyo makosa yao madogo yanakuzwa. Pima sampuli yako ina nguvu ya watu wangapi, w ikiwa uzito wa kila mhojiwa:

```
n_eff = (Σw)² / Σw²
```

Hapa inatoka takriban 478. Una majibu 1,000, lakini uhakika wako ni kama wa watu 478, na ukingo wa makosa unapanda kutoka pointi 3.1 hivi hadi 4.5. Andika huo wa pili.

Sasa ingia ndani ya C, maana uzito wa wilaya haugusi kilichopinda humo ndani. Tuseme kati ya wale 150, wanaume ni 120 na 42 kati yao walisema "ndiyo", ilhali wanawake ni 30 na waliosema "ndiyo" ni 3. Kama wilayani wanawake ni nusu, jibu la C si 30 tena, ni asilimia 22.5, na jumla kuu inakuwa kama 40. Lakini kila mmoja wa wanawake hao sasa ana uzito wa 8.3. Wawili wakibadili jibu, matokeo yote yanasogea karibu pointi 1.7.

Ikifika hapo mimi huacha kuongeza uzito. Naomba muda wa kupiga simu zaidi kwa wanawake wa C, na nikinyimwa, naandika kwenye ripoti kwamba makadirio ya C yamesimama juu ya wanawake 30. Wasio na simu kabisa nao hawamo kwenye orodha, na hakuna uzito utakaowaleta.