Kipunguzo cha kampuni mbili za mabasi: 0.33 au 0.6?

"Kampuni mbili za mabasi Kampala–Gulu: zikishirikiana kila moja hupata milioni 60 kwa wiki, anayesaliti 90, zikishindana 40 kila moja. Kipunguzo d, yaani uzito wa shilingi ya wiki ijayo ukilinganisha na ya leo, kianzie wapi ili ushirikiano udumu? Nimepata d = 0.33, mwalimu anasema 0.6. Nimekosea wapi?"

Habari ndugu. Angalia kwanza ulichoweka kwenye adhabu. 30/90 ndiyo 0.33, maana yake umeweka sifuri baada ya usaliti. Nami nilikosea hapohapo nilipoanza. Aliyeadhibiwa hafungi duka, anarudi kwenye ushindani na kupata 40 kila wiki, milele.

Kwa hiyo linganisha kushirikiana daima, kushoto, na kusaliti leo, kulia:

```
60/(1-d) >= 90 + 40d/(1-d)
```

Zidisha pande zote kwa (1-d): 60 ≥ 90 - 50d, basi d ≥ 0.6.

Hakiki kwa namba. Kwa 0.6, kushirikiana ni 150, kusaliti ni 90 + 60, sawasawa. Kwa 0.33 yako, kushirikiana ni takriban 90 na kusaliti 110, kwa hiyo atashusha nauli leo leo.

Hilo ni pale usaliti unapoonekana wiki inayofuata. Mwenzake akichelewa wiki moja zaidi kugundua, msaliti anakula 90 mara mbili, na sharti linakuwa d² ≥ 0.6, yaani karibu 0.775.