Re: Bosi wa zamani hapatikani, nimtaje nani?

"Nimelea watoto miaka 3 ila bosi kabadili namba, nimtaje nani kama mdhamini?"

Mambo dada. Mtaje mtu aliyekuona kazini kwa macho, jirani wa pale au mwalimu wa chekechea uliyekuwa unampelekea mtoto, ila muombe ruhusa kwanza. Mi nilimtaja mwalimu, mama aliyekuwa anatafuta dada akampigia akauliza tu kama mtoto alikuwa anafika mapema na msafi, nikapata kazi. Ndugu yako usimuweke.

Alafu "miaka 3" tupu haitoshi, sema mtoto ulimpokea ana miezi 4 ukamwacha anaenda chooni mwenyewe, mwenye kichanga anaangalia hapo. Kama utalala kwa bosi mpya ulizia mapema nani anaamka na mtoto usiku na siku gani unapumzika, kama ni kwenda na kurudi taja saa yako ya mwisho kutoka.