Mtihani wa leseni kwenye kompyuta: toa pumzi kwanza

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, najiandaa na NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi ya Marekani. Nikikaa kwenye kompyuta kufanya mazoezi, vidole vinaingia ganzi na kichwa kinazunguka. Wenzangu wananiambia nivute pumzi kubwa kubwa, lakini ndiyo kwanza nazidiwa. Nakosea wapi? (Chumbageni, Tanga)

Marahaba mwanangu. Hizo pumzi kubwa ndizo zinazokuzidisha. Mtu mwenye hofu huwa anahema kuliko mwili unavyohitaji hata kabla hajaambiwa lolote. Ukimwongezea pumzi nzito nzito, kaboni dayoksaidi inashuka kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inabana, na hapo kizunguzungu kinaanza. Ganzi ya vidole na ya pembeni mwa midomo chanzo chake ni hichohicho. Umeshaiona wodini: mama mwenye uchungu akihema mbiombio, baada ya muda anakwambia mikono inakakamaa.

Kwa hiyo usianze kwa kuvuta, anza kwa kutoa. Kaa, nyayo zote mbili sakafuni, shusha mabega, acha hewa iliyomo itoke taratibu. Kisha vuta kwa pua ukihesabu 4, tumbo ndilo lisogee na si kifua. Toa kwa midomo iliyobanwa kidogo ukihesabu 6. Kwa hesabu za sekunde, pumzi moja inachukua sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia anahema mara 12 hadi 20. Ujazo uwe wa kawaida. Kinachorefuka ni muda wa kutoa. Moyo huenda kasi kidogo tunapovuta hewa na hupunguza mwendo tunapoitoa. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono wako na unaweza kuusikia ukibadilika.

Ukianza kupiga miayo au kuhisi hewa haitoshi, 4 na 6 ni ndefu kwako kwa sasa. Fanya 3 na 5. Ganzi ikirudi, punguza ukubwa wa pumzi, usipunguze urefu wa kutoa. Zoea dakika 5 asubuhi na 5 jioni kwa wiki mbili au tatu kabla ya mtihani, kwa sababu jambo ulilolijaribu mara ya kwanza siku yenyewe nalo linakuwa mtihani wa pili. Lakini ganzi ikija bila hofu yoyote, au kifua kikiuma ukipanda ngazi, hayo si ya safu hii. Nenda kapimwe.

Mwalimu, mtihani wenyewe hauruhusu kurudi nyuma. Nikibahatisha swali moja, linanifuata kwenye yote yanayokuja. Halafu maswali yanazidi kuwa magumu, najiona nafeli huku natazama. (Muheza)

Hapa nitakaa kidogo, maana wauguzi wengi wazuri wanaangukia hapa.

NCLEX haina karatasi moja ya wote. Ukijibu sawa, kompyuta inakuletea swali gumu kidogo. Ukikosa, inakuletea jepesi kidogo. Inatafuta kiwango ambacho unapata na kukosa karibu nusu kwa nusu. Sasa mtu aliyezoea kupata 80 darasani akikaa saa mbili anahisi nusu ya majibu yake ni ya kubahatisha, lazima moyo umwambie amefeli. Wanaofaulu nao wanahisi hivyohivyo. Tena katika maswali 85 ya mwanzo, 15 yanajaribiwa tu kwa ajili ya mitihani ijayo, hayana alama, na huwezi kuyatambua. Lile swali la ajabu linalokunyima raha huenda halihesabiwi kabisa.

Ila usijidanganye upande wa pili. Wako wanaojiambia, "Likiwa gumu, basi nafaulu." Likija jepesi, wanavunjika. Ugumu unaouhisi wewe si kipimo cha ugumu unaoujua mtambo, maana swali la mada uliyoizoea utaliona jepesi hata kama limewashinda wengi. Hata skrini ikizima kwenye swali la 85 haimaanishi jambo moja: wapo waliofaulu hapo na wapo walioshindwa hapo.

Nikupe mfano wa binti mmoja niliyemkalia pembeni kwenye mazoezi, huku Ngamiani. Aliulizwa amwone nani kwanza kati ya wagonjwa wanne. Mmoja alikuwa anatumia digoksini, potasiamu yake 2.9, na anaona vitu vina rangi ya njano. Alimchagua huyo, akabonyeza, kisha akaganda: "Na yule mwenye homa je?" Jibu lake lilikuwa sahihi, kwa kuwa potasiamu ikishuka sumu ya digoksini inapanda, na hiyo njano ni dalili yake. Swali lililofuata lilihusu insulini. Swali linasema "kabla ya chakula", yeye akasoma "baada". Akakosa kitu anachokifanya wodini kila siku. Kwa hiyo alama aliyoipoteza ilipotea kwenye swali la pili, kwa sababu macho yalikuwa hapa na akili bado kule.

Tulichomfundisha ni hiki. Ukishabonyeza jibu la swali lililokutoa jasho, ondoa mkono kwenye kipanya, weka pajani. Toa pumzi moja ndefu. Kisha jiambie kimoyomoyo maneno mafupi uliyoyaandaa nyumbani, yeye alichagua "Lile limeenda, hili linasemaje?" Ndipo usome, ukiweka kidole kwenye skrini chini ya maneno kama *kwanza*, *kabla* na *isipokuwa*. Usijiambie "Nitafaulu tu", kwa sababu akili yenye hofu itaanza kubishana na wewe, na ubishi nao unakula muda.

Na muda unatosha. Saa 5 kwa maswali yasiyozidi 150 ni wastani wa dakika 2 kila swali. Ukitoa pumzi moja ya sekunde 10 kila baada ya maswali 10, hata ukifika mwisho umetumia dakika 2 na nusu tu.

Nikifika mlangoni mwa kituo moyo unadunda hatari. Najitahidi kujiambia "tulia, tulia", wapi! (Pongwe)

Moyo hauamrishwi hivyo. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks alichapisha matokeo ya majaribio ambamo waliojiambia "nina hamasa" kabla ya kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Kutoka kwenye hofu hadi utulivu ni mbali. Kutoka kwenye hofu hadi hamasa ni karibu, kwa vile moyo unadunda kote kuwili. Jiambie: "Mwili umejiandaa kwa kazi." Pumzi ya 4 na 6 ifanye ukiwa kwenye kiti cha kusubiri, kabla hawajakuita kukukagua.

Kahawa asubuhi ya mtihani, ninywe nisinywe? (Raskazoni)

Kama wewe ni wa kahawa tungu na kashata kila siku, kunywa kiasi chako kilekile, kwani ukiacha ghafla kichwa kitakuuma. Kama si mnywaji, siku hiyo si ya kuanzia: kafeini huongeza mapigo na kutetemesha mikono, nawe utadhani ni hofu.

Rafiki yangu amenipa vidonge vya propranololi, anasema vinaua woga. Nimeze? (Korogwe)

Usimeze dawa ya kupewa na rafiki, na wewe ni muuguzi unajua. Kweli inapunguza mapigo na mtetemo, lakini mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya, na mwenye presha ya chini inaweza kumwangusha. Ukiona huwezi bila dawa, muone daktari mapema, akupime, na kama atakuandikia, umeze dozi ya kwanza siku ya kawaida ukiwa nyumbani, uone inavyokuchukua.